Kurudisha bahari dirishani kwenye picha ya sebule

*Habari mtaalamu. Napiga picha za nyumba zinazokodishwa kwa wageni huku Nyali, Mombasa. Wiki jana nilipiga sebule moja ghorofa ya nne, asubuhi, kamera fulufremu, lenzi ya mm 18, f/8, nusu sekunde, ISO 100. Ndani pametoka vizuri, lakini madirisha mawili ya upande wa baharini ni meupe pe. Mwenye nyumba anataka bahari ionekane. Nilienda ufukweni nikapiga picha nzuri ya bahari, nikaibandika kila dirisha, lakini inaonekana kama bango limetundikwa ukutani. Sasa nyumba ina mgeni, siwezi kurudi na kamera. Natumia Photoshop. Nifanyeje?*

Tuanze na faili uliyonayo, maana huenda bado unatumaini kwamba bahari imejificha humo. Chumba umekipa nusu sekunde. Nje penye jua, kwa f/8 na ISO 100, kamera inataka 1/500 hivi. Kwa hiyo madirisha yamepokea mwanga mara 250 zaidi ya ule uliohitajika, ambazo ni karibu hatua 8 za maradufu. Faili ya RAW huokoa hatua moja, pengine mbili, kupita pale JPEG inapoishia. Ukitaka kuhakikisha, fungua RAW, shusha Highlights hadi -100 na Exposure hadi -4. Mawingu au mstari wa bahari ukianza kujichora, lipo la kuokoa. Weupe ukigeuka kijivu kitupu, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna kilichoandikwa hapo na hakuna kitufe kitakachokirudisha. Kwa namba zako, nina hakika utapata kijivu kitupu.

Sasa hilo bango. Sidhani kosa liko kwenye ukataji, ingawa wengi hukimbilia huko na kuanza kusafisha kingo kwa saa nzima. Kosa ni kwamba picha uliyobandika imepigwa ufukweni, na sebule iko ghorofa ya nne. Mtu aliyesimama mchangani huona minazi imepanda juu kabisa ya mstari wa bahari. Aliye juu, mita 14 hivi kutoka ardhini, huona minazi mingi vichwa vyake viko karibu na mstari huo au chini yake, na mchanga anauona kwa juu. Mtazamaji hawezi kukueleza hayo kwa maneno, lakini jicho lake linajua kwamba aliyepiga sebule na aliyepiga bahari hawakuwa mahali pamoja. Picha hiyo iweke pembeni, hata kama ni nzuri.

Unachohitaji ni mandhari halisi ya madirisha hayo, na huhitaji kurudi na kamera kuipata. Muombe mwenye nyumba azungumze na mgeni, au msubiri siku ya usafi, msimamizi wa nyumba apige picha mbili kwa simu. Ya kwanza apige akiwa amesimama pale ulipoweka stendi, simu ikiwa kwenye urefu wa lenzi yako, tuseme mita 1.3, bila kuinamisha simu juu wala chini, kwa lenzi ya kawaida iliyoandikwa 1x. Aguse kioo cha simu pale penye bahari ili mwanga ujipime kwa nje. Chumba kitakuwa giza, na hilo halina neno. Ya pili apige akiwa dirishani, ameufungua mlango wa dirisha, simu imepita grili, urefu uleule na lenzi ileile.

Kwa nini mbili? Ile ya kwanza ni ramani. Inakuonyesha mstari wa bahari unapita grili ya ngapi, mnazi upi unaangukia dirisha lipi, na jengo la jirani linaingia kiasi gani. Lakini haifai kubandikwa, kwa sababu ina grili zake yenyewe, na ukiiweka juu ya picha yako utapata grili mbilimbili zisizolingana. Ile ya pili ni safi, ndiyo utakayobandika. Ila ina hitilafu moja ndogo: imepigwa mita 4 hivi mbele ya kamera yako, kwa hiyo vitu vya karibu vimekuwa vikubwa mno. Mnazi ulio mita 10 kutoka dirishani ulikuwa mita 14 kutoka kwenye stendi, hivyo ulipaswa kuonekana kwa asilimia 71 tu ya ukubwa alioupata msimamizi. Bahari yenyewe, meli na mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba ni vya mbali, havibadiliki. Kama karibu na dirisha kuna mti au kibaraza, linganisha na ramani uone tofauti inasumbua kiasi gani. Kama mbele ni bahari na vichwa vya minazi ya mbali, endelea bila wasiwasi.

Saa pia izingatiwe. Nyali inatazama mashariki. Umepiga asubuhi, na nadhani kuna miraba ya jua sakafuni inayotoka kwenye madirisha hayohayo. Miraba hiyo inamwambia mtazamaji kwamba jua liko upande wa bahari. Asubuhi bahari ya upande huo huwa na weupe wa kumetameta, anga imefifia karibu na jua, na minazi ina upande wa giza kuelekea kwetu. Bahari ile ya buluu nzito inayopendwa kwenye kalenda huonekana alasiri, jua likiwa limehamia nyuma ya jengo. Ukiiweka hiyo pamoja na miraba ya jua sakafuni, umeweka majua mawili kwenye picha moja. Kwa hiyo msimamizi apige saa ileile uliyopiga wewe, au karibu nayo. Maji kujaa au kupwa si hoja. Hata kama mchanga umeonekana zaidi kuliko siku yako, haupingani na chochote chumbani.

Ukishapata picha, fungua sebule kwenye Photoshop na ulete mandhari juu yake kama leya ya pili. Kabla ya kukata chochote, badilisha hali ya leya hiyo kutoka Normal kwenda Multiply. Hapa ndipo weupe uliokuwa unakuudhi unakuwa msaada wako. Multiply inafanya hesabu hii kwa kila pikseli:

```
matokeo = chumba × mandhari ÷ 255
```

Palipo na weupe kamili chumbani, yaani 255, mandhari inatoka kama ilivyo. Palipo na grili au fremu ya giza, panabaki giza. Grili ishirini zenye maua ya chuma katikati, ambazo ungezikata moja moja hadi usiku wa manane, zinajitokeza zenyewe mbele ya bahari. Huo ndio msingi wa kazi yote, na hata ukihamia GIMP au Photopea, Multiply ipo na inafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Bado unahitaji maski ili bahari isimwagike ukutani. Chora kwa Polygonal Lasso Tool kuzunguka madirisha yote mawili kwa pamoja, ukishika Shift ili kuongeza la pili, kisha ongeza maski kwenye leya ya mandhari. Nasisitiza: leya moja, maski moja yenye matundu mawili. Uliposema umebandika "kila dirisha", nilipata sababu ya pili ya bango lako. Madirisha mawili ya ukuta mmoja hutazama bahari moja. Kinachokatikia dirisha la kushoto kinaendelea nyuma ya ukuta na kutokea la kulia. Ukiweka nakala mbili, kila moja na mnazi wake katikati, umetundika picha mbili za ukutani. Baada ya kuweka maski, bofya alama ya mnyororo kati ya leya na maski ili uifungue, hapo utaweza kusogeza mandhari na kubadilisha ukubwa wake huku matundu yakibaki mahali pake.

Kama fremu zako ni za alumini ya kahawia, mstari wa maski unaweza kupita popote katikati ya fremu, Multiply itaficha uzembe. Kama ni nyeupe, huna huruma hiyo: bahari itachapika juu ya fremu. Hapo tumia Pen Tool, pita kwenye ukingo wa kioo kabisa, na upe maski Feather ya pikseli 1 tu kwa picha yenye upana wa pikseli 6000.

Sasa ukubwa. Watu wengi hupunguza picha ya nje mpaka ufuo mzima uenee ndani ya dirisha moja. Dirisha la pikseli 900 likibeba picha nzima ya pikseli 6000, umeipunguza hadi asilimia 15, na hakuna lenzi uliyotumia inayoweza kuona hivyo. Ukubwa sahihi unatokana na lenzi mbili zilizotumika. Wewe ulipiga kwa mm 18. Lenzi ya 1x ya simu nyingi ni sawa na mm 24 hadi 26 ya fulufremu, tuseme 26. Gawanya 18 kwa 26, unapata 0.69. Basi panua kwanza picha ya simu ifikie upana wa picha ya sebule, kisha ipunguze hadi asilimia 69. Kwa pikseli 6000 inabaki kama 4150. Kwa kuwa picha ya simu ina umbo la 4:3 na yako ni 3:2, jibu kamili linaweza kushuka pointi mbili tatu, lakini hapo ramani inamaliza ubishi: pima umbali kati ya minazi miwili ya mbali kwenye ramani, kwa kulinganisha na grili, ukarekebishe mpaka ilingane. Madirisha yako yataonyesha kipande tu cha bahari. Ndivyo madirisha yanavyofanya.

Baada ya ukubwa, urefu wa mstari wa bahari, na hapa naomba usikimbie. Kamera ikiwa imewekwa sawa bila kuinamishwa, upeo wa bahari hukaa kwenye urefu wa lenzi, hata uwe ghorofa ya ngapi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa tuko juu, upeo ushuke. Kinachoshuka ni ufuo na minazi. Upeo wenyewe, kutoka mita 14, unashuka sehemu moja tu ya kumi ya digrii. Kwenye picha yako hiyo ni pikseli 6 hivi, haionekani. Kwa hiyo tafuta urefu wa lenzi ndani ya picha ya sebule. Vuta mstari unaofuata ukingo wa dari kwenye ukuta wa pembeni, na mwingine unaofuata mistari ya vigae sakafuni upande huohuo. Pale mistari hiyo inapokutana, pitisha mwongozo wa mlalo kutoka kwenye rula ya juu ya Photoshop. Mwongozo huo ndio upeo wako. Kama hukuipunguza picha juu wala chini na kamera ilikuwa sawa, utaangukia katikati kabisa, pikseli 2000 kwenye picha ya kimo cha 4000.

Kuna njia ya haraka ya kuthibitisha. Angalia swichi ya taa ukutani. Kama ipo kwenye urefu wa mita 1.3 kama lenzi yako, mwongozo lazima upite juu yake, na kila kitu chumbani chenye urefu huo kitaguswa na mstari uleule: ukingo wa juu wa kabati, mgongo wa kiti kirefu, kitasa cha juu cha mlango. Sasa shusha au pandisha mandhari mpaka bahari na anga vikutane kwenye mwongozo, na uhakikishe mstari haujainama hata nusu digrii. Bahari iliyoinama huharibu kazi nzima, kwa kuwa iko karibu na grili za mlalo na jicho linapima papo hapo. Mara nyingi nimeona picha ambayo kila kitu ni sahihi isipokuwa upeo uko karibu na juu ya dirisha, na sebule inaonekana kama imezama.

Tuje kwenye grili, kwa sababu Multiply ina kasoro moja pale mwanga ulipozidi namna hii. Kuza picha hadi asilimia 200 uangalie grili moja. Haitakuwa nyeusi. Mwanga mkali umeila pande zote mbili, imekuwa nyembamba, na katikati yake, ukipima kwa paneli ya Info, unaweza kukuta 180. Chukua bahari yenye 180 vilevile. Multiply inatoa 127, na grili inaonekana kama kivuli kilichochorwa juu ya maji, bahari inapenya ndani yake. Hilo nalo hulipa dirisha sura ya karatasi.

Dawa yake ni leya ya Levels kati ya sebule na mandhari, yenye maski ileile ya madirisha. Shika Alt, buruta maski kutoka kwenye mandhari hadi kwenye leya ya Levels, itanakiliwa. Kisha sogeza kitelezi cheusi cha kushoto hadi 120 hivi. Pikseli ya 180 inashuka hadi 113, na weupe wa 255 unabaki 255, haujaguswa. Rudia hesabu: bahari ya 180 juu ya grili ya 113 inatoa 80. Sasa ni chuma. Usiisukume mpaka iwe nyeusi tii, maana upande wa ndani wa grili unapokea mwanga wa chumba, na kama imepakwa rangi nyeupe inatakiwa ibaki na kijivu chepesi. Sehemu ambazo mwanga umezimeza kabisa, chuma kikakatika, chora mwenyewe kwa brashi nyembamba kwenye leya mpya, ukichukua rangi kutoka kwenye kipande kilichosalimika kando yake.

Pazia jepesi la neti ni habari nyingine. Kama limefunika nusu ya dirisha na mwanga umelifanya jeupe, Multiply haitalitambua. Itapitisha bahari kana kwamba pazia halipo. Angalia kama mikunjo bado inaonekana. Ikiwepo, paka maski kijivu juu ya pazia ili mandhari ibaki asilimia 30 hivi, na sehemu hiyo ya mandhari iwe imefifia kwa Gaussian Blur. Mikunjo isipokuwepo, mimi ningeliacha pazia jeupe kabisa. Pazia linalong'aa jua la asubuhi ni jambo ambalo kila mtu ameliona nyumbani kwake, halimshangazi mtu.

Na vioo vya kuteleza vya alumini, ambavyo vimejaa pwani, mara nyingi vina rangi ya kahawia au kijani. Kama dirisha lilikuwa wazi nusu, nusu moja inaonyesha bahari kupitia kioo cha rangi na nyingine moja kwa moja. Ramani itakuonyesha tofauti hiyo. Chukua nusu yenye kioo, uitie giza kidogo na rangi yake. Ni kazi ya dakika chache, na ndicho kitu kinachomfanya hata mwenye nyumba aamini kwamba ulipiga hivyo.

Sasa mwanga, ambao naona ndio utakaokushawishi kuharibu. Ukishaona bahari imekaa vizuri utataka iwe ya buluu, iwe na nguvu, mwenye nyumba afurahi. Jizuie. Mtu aliyekaa sebuleni asubuhi huona nje pana mwanga kuliko ndani, siku zote. Pima ukuta mweupe ulio kando ya dirisha. Tuseme unasoma 205. Anga lazima iwe juu ya hapo, kama 225 hadi 235, na mawingu yakaribie 250. Bahari inaweza kukaa 170 hadi 190. Anga ya 150 kando ya ukuta wa 205 inasema kwamba taa za chumba zina nguvu kuliko jua la Mombasa.

Weusi pia upandishwe. Hakuna kitu kilicho nje ya dirisha lenye mwanga mkali kinachoonekana cheusi kabisa, kwa sababu ya ukungu wa hewa ya baharini, vumbi la kioo na mwanga unaotawanyika ndani ya lenzi. Njia rahisi ni kushusha Opacity ya leya ya mandhari hadi asilimia 80. Kwa kuwa chini yake kuna weupe, cheusi cha 0 kinapanda hadi 51, na mandhari yote inapata ile hali ya kuoshwa na mwanga. Grili hazififii kwa hilo: ile ya 80 inakwenda 87 tu, kwa sababu chini yake kuna kijivu na si weupe. Ikiwa kivuli cha minazi bado ni kizito, ongeza Curves juu ya mandhari peke yake na uinue ncha ya chini kushoto kidogo. Kisha punguza Saturation kwa 15 au 20. Ikibaki na ubuluu kidogo kuliko chumba usihangaike. Taa za ndani ni za njano, na jicho limezoea nje kuwa baridi zaidi.

Kuna wanaopenda kufifisha nje kama mandharinyuma ya picha ya mtu. Usifanye hivyo. Lenzi ya mm 18 kwa f/8 ikilengwa mita moja na nusu mbele, kila kitu hadi upeo wa macho ni kikali. Ukali wa kupindukia unaotiwa na simu ndio wa kuondoa, na pikseli 1 ya Gaussian Blur inatosha.

Weupe uliosambaa kwenye kingo za ukuta kuzunguka dirisha uuache. Nimeona watu wanaufuta kwa bidii, na dirisha linabaki kama shimo lililokatwa kwa mkasi. Mwanga huo ni ushahidi kwamba nje ni kweli. Ukizidi na kuonekana kama utepe mweupe kuzunguka fremu, fungua leya mpya kwa hali ya Multiply, chukua rangi ya anga kwa brashi laini, upake juu ya utepe kwa asilimia 15 hadi 20, basi. Angalia pia vigae. Kama vinang'aa, vina taswira ya dirisha jeupe sakafuni, na hiyo inaweza kubaki nyeupe bila tatizo; ukitaka kuwa makini, nakili mandhari, igeuze juu chini, iweke pale kwa asilimia 15. Televisheni iliyozimwa ichunguze kwa jicho hilohilo.

Kuhusu mwenye nyumba: mpe mandhari ya dirisha lake tu. Kama kati ya sebule na bahari kuna tangi la maji la jirani au jengo linaloendelea kujengwa, libaki. Mgeni atakayelipa kwa ajili ya bahari na kukuta tangi atadai fedha yake, na lawama zitarudi kwa aliyepiga picha. Mweleze mwenye nyumba kwamba picha ya nje imepigwa kando na kuunganishwa, na utunze faili zote mbili za msimamizi pamoja na RAW yako, ili ikiulizwa uonyeshe kwamba bahari ni ileile.

Safari nyingine, ukimaliza kupiga chumba, usiguse stendi wala lenzi. Badilisha kasi tu, upige 1/125, 1/250 na 1/500. Moja kati ya hizo ndiyo mandhari yako, imelingana pikseli kwa pikseli, na mambo yote ya ukubwa na upeo niliyoandika hapo juu hayatakuhusu. Kama una flashi ya mkononi, piga ile ya 1/250 tena huku umeielekeza kwenye grili na fremu kutoka pembeni, kwa nguvu ya kuzifanya zing'ae kupita zilivyo kwenye picha ya chumba. Iweke juu ya picha ya chumba kwa hali ya Darken, ukiifungia kwa maski ndani ya madirisha ili isitie giza chumba kizima: pale ambapo picha mpya ni nyeusi zaidi inaingia, kwa hiyo bahari inaingia mahali pa weupe, na grili zilizong'aa zinapitwa, zinabaki zile za chumba. Chuma kilichopakwa rangi ya giza hakitang'aa vya kutosha. Kwa hicho piga bila flashi na urudi kwenye maski. Na flashi usiielekeze kioo uso kwa uso, la sivyo utajikuta umesimama katikati ya bahari na flashi yako mkononi.